Uzi: Kiraka kinateleza ukutani. Nembo ya kamari kwenye video ya harusi, Lamu

PichaZaLangoni
Assalam aleikum wanajukwaa. Nimekwama tangu Ijumaa na mteja ananipigia simu kila baada ya swala.

Nilipiga harusi hapa Lamu. Bwana harusi anasindikizwa kwa matari kupitia Usita wa Mui, nami natembea kinyumenyume mbele yao, simu iko kwenye gimbal. Kwenye kona moja kuna duka ambalo ukuta wake umepakwa nembo ya kampuni ya kamari, kijani kikali, upana wake kama mlango. Wakati wa kupiga sikuiona hata kidogo, macho yalikuwa kwa bwana harusi. Sasa babake, ambaye anasomesha madrasa, ameitazama mara moja tu akasema: "Video nzuri, lakini mwanangu hatapita mbele ya kamari kila tukiifungua." Nimeshindwa kumjibu.

Klipu ni ya sekunde 7. Natumia DaVinci Resolve ya bure, ukurasa wa Fusion. Nimechora maski kuzunguka nembo, nikaweka Planar Tracker, nikachukua fremu moja nikaipaka kwa Paint hadi nembo ikafutika, nikakibandika kiraka juu. Fremu ile moja ni safi kabisa, huwezi kujua. Nikicheza, kiraka kinaogelea. Kinaanza mahali pake, kufika katikati kimeshateremka upande wa kulia na kijani kinachungulia pembeni kama mtu nyuma ya pazia. Halafu kuna punda mwenye gunia anakatiza mbele ya ukuta, na hapo ndipo kila kitu kinavurugika.

Nimekosea wapi?

KijanaWaStudio
Planar inakupa kazi bure. Tumia Tracker ya kawaida, weka pointi mbili kwenye pembe za nembo, fungua mzunguko na ukubwa, maliza. Mimi nafuta vibao vya magari hivyo kila siku.

ShabikiWaTerasi
Mimi pia nina shida hii. Nina klipu za mpira nimezirekodi kwenye TV, nembo ya stesheni iko pembeni juu. Nifuate njia hiyo hiyo ya traka?

MaalimNodi
Shabiki, yako ni kesi nyingine. Nembo ya stesheni imeganda kwenye skrini, haifuati kamera, kwa hiyo hakuna cha kufuatilia. ffmpeg ina kichujio cha `delogo` kinachojaza mstatili kwa kuvuta rangi za kandokando. Lakini stesheni iliweka ile alama ili ijulikane picha ni za nani, basi usizipakie mahali kama zako.

KijanaWaStudio, umepata nusu. Pointi mbili zinakueleza kitu kimesogea wapi, kimezunguka kiasi gani na kimekuwa kikubwa au kidogo. Kibao cha gari kilichoelekea kamera hakihitaji zaidi ya hapo. Huyu mwenzetu anatembea kinyumenyume kando ya ukuta. Ukuta unaingia pembeni mwa picha ukiwa karibu, kisha unarudi ndani, na ule upande ulio mbali na kamera unafinyika zaidi ya ulio karibu. Pointi mbili hazioni kufinyika huko. Zitakupa kiraka cha mstatili juu ya ukuta ambao sasa ni kama mlango ulioachwa wazi nusu. Hapo panahitaji pembe nne, au Planar Tracker ikiwa Motion Type imewekwa Perspective.

PichaZaLangoni, ndugu yangu, nitumie picha ya skrini ya lile umbo ulilolichora kwa ajili ya kufuatilia, siyo lile la kiraka. Na ufungue faili la asili kwenye MediaInfo, usome mstari wa Frame rate mode.

PichaZaLangoni
Picha ya skrini hiyo hapo juu. MediaInfo inasema Variable. Laini yangu ya kuhariri ni ya fremu 25, simu ilikuwa kwenye 30.

MaalimNodi
Basi una magonjwa mawili, na yanafanana kwa macho. Ndiyo maana umehangaika.

La kwanza ni hilo la Variable. Simu haitoi fremu kwa mwendo ulio sawa. Gizani inapunguza, ikipata joto inapunguza. Ukizitia kwenye laini ya 25, programu inaruka baadhi ya fremu na kurudia nyingine ili hesabu ikae. Dalili yake ni kwamba kiraka kinakaa vizuri, ghafla kinashtuka kwa fremu moja, halafu kinarudi. Geuza faili kwanza kabla ya kugusa kitu kingine, na laini yako iwe ya 30:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -vf fps=30 -c:v prores_ks -profile:v 3 -c:a pcm_s16le harusi30.mov
```

Faili litakuwa kubwa mno, usishtuke. Geuza klipu hiyo moja tu, si harusi nzima.

La pili ni la kuteleza polepole, na hilo linatokana na umbo lako. Nimeona umelizungusha nembo ukalipanua hadi likakamata ukingo wa bati la kivuli cha duka. Lile bati limetokeza mbele ya ukuta, labda hatua moja. Ukitembea, kitu kilicho mbele kinapita haraka kuliko kilicho nyuma, hata kama kwenye skrini vinaonekana vimegusana. Traka haijui lipi ni bati na lipi ni ukuta. Inatafuta alama zenye ukali, na ukingo wa bati ndio mkali kuliko vyote, kwa hiyo inaliamini zaidi. Kiraka chako hakitelezi ovyo, kinalifuata bati. Tazama tena utaona.

Lichore upya. Umbo la kufuatilia si lazima lilingane na nembo. Linaweza kuwa kubwa kuliko nembo, mradi kila kilichomo kiwe juu ya ukuta ule ule mmoja: nyufa, madoa ya chumvi, chokaa iliyobanduka, na hata nembo yenyewe, kwa sababu herufi zake zina pembe nzuri za kushika. Kwa mambo haya kuta za Lamu ni neema, zimejaa makovu. Ukuta mpya wa rangi moja ungekutesa.

MzeeWaVHS
Vijana mnajitesa. Enzi zetu ungekata hapo ukaweka picha ya wapiga matari sekunde 3, ukarudi bwana harusi ameshapita kona. Nani angejua?

PichaZaLangoni
Ami, ningefanya hivyo, lakini hapo kwenye kona ndipo mamake anachungulia dirishani, anatupa maua ya asumini na kupiga vigelegele. Wameniambia wazi hicho kipande kisikatwe.

MzeeWaVHS
Haya. Teseka basi.

PichaZaLangoni
Maalim, nimerudi. Nimegeuza faili, nimechora umbo upya bila bati. Imeshika! Nimechagua fremu ya 24, ndipo nembo inaonekana nzima kwa mara ya kwanza na iko kubwa. Nikafuatilia kwenda mbele hadi mwisho, kisha nikarudi kutoka 24 hadi 0. Kiraka kimetulia ukutani.

Lakini sasa nimepata jipya. Kiraka kinawaka. Kwenye fremu ya 24 kina rangi ya ukuta, ikifika kama 60 ukuta wote umeingia giza kidogo nacho kimebaki vile vile, kama mtu amewasha taa nyuma yake. Halafu polepole kinafifia, kinarudi sawa.

KijanaWaStudio
Hiyo ni wingu limepita. Weka funguo za mwangaza.

MaalimNodi
Wingu halikuwepo. Hiyo ni kanzu! Uliacha simu ijichagulie mwanga. Bwana harusi wa kanzu nyeupe akikaribia na kujaza picha, simu inadhani mahali pote pamekuwa peupe, inapunguza. Akienda pembeni, inaongeza. Anayepiga harusi huku pwani afunge mwanga kwenye simu kabla ya kuanza, kanzu itamhadaa kila mara.

Dawa ya KijanaWaStudio inafanya kazi: linganisha kiraka na ukuta ulio kando yake, weka ufunguo kila mwanga unapogeuka. Ila kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi. Hicho ulichonacho mimi nakiita kiraka mfu. Umeiua fremu moja ukaibeba safari nzima, kwa hiyo hakijui mwanga umebadilika, hakina hata zile chembe zinazochezacheza kwenye picha ya simu. Jaribu kiraka hai. Badala ya kuganda fremu, chukua kipande cha ukuta kilicho juu ya nembo, kutoka fremu ile ile inayochezwa, ukisogeze chini kuifunika nembo. Kamera ikiingia giza, nacho kinaingia giza, kwa sababu ni ukuta ule ule wa wakati ule ule.

Kwenye Fusion fanya hivi. Planar Tracker iweke Operation Mode ya Steady, na Steady Time iwe 24. Ukuta utasimama kimya na dunia nyingine yote itayumba, usiogope. Baada yake weka Transform, usogeze picha chini hadi ukuta wa juu ukae mahali pa nembo. Kisha MatteControl, na Polygon laini ya kukata umbo la kiraka uiunganishe kwenye garbage matte. Hapo watu wanakwama. Kwa kawaida inatoboa tundu badala ya kubakisha kiraka, basi uigeuze kwa Invert, na uweke alama kwenye Post Multiply Image. Ukisahau hiyo ya mwisho, picha nzima itang'aa kama picha mbili zimejumlishwa. Halafu nakili ile Planar Tracker ya mwanzo, ibandike baada ya MatteControl, na uweke alama kwenye Invert Steady Transform. Kiraka kitarudi kuyumba pamoja na ukuta. Mwisho, Merge juu ya klipu ya asili.

Usiitulize picha nzima, ukaipaka, kisha ukaiyumbisha tena nzima. Kila safari picha inahesabiwa upya na inapoteza ukali kidogo. Acha kiraka peke yake ndicho kiende na kurudi.

BiMwanaTanga
Maalim samahani kwa kuingilia. Niko Malindi, nina shida kama hii ila nembo iko kwenye tanga la mashua. Nimejaribu Planar kwa Perspective, inashika sekunde moja kisha inapotea. Kwa nini aende juu na asiende kando? Mimi nachukua kitambaa cha kandoni.

MaalimNodi
Dada, juu ni kwa sababu ya ukuta unaokimbia kwa mbali. Ukichukua kipande cha kandoni, ama kiko karibu zaidi na kamera ama mbali zaidi kuliko nembo, kwa hiyo madoa yake ni makubwa kupita kiasi au madogo kupita kiasi. Ukipanda juu moja kwa moja, umbali ni karibu ule ule, na mchanga wa plasta unalingana. Kasoro yake ni kwamba kwenye vichochoro vyetu ukuta wa juu una mwanga zaidi kuliko wa chini, kwa hiyo kiraka huja na weupe kidogo, unakiteremsha kwa ColorCorrector. Ni tofauti isiyobadilika kutoka fremu hadi fremu, unairekebisha mara moja tu.

Tanga nitalirudia. Si ukuta, linapumua.

PichaZaLangoni
Kiraka hai kimekubali! Mwanga unafuatana, chembe zipo, kama hakuna kitu kilichowahi kupakwa pale. Nilimwita mke wangu aangalie. Akatazama mara mbili, akasema: "Mbona mijusi wawili?"

Kumbe kuna mjusi kafiri juu ya ukuta, fremu ya 140 hivi anaanza kupanda. Na chini yake, ndani ya kiraka, yupo pacha wake anayepanda hatua kwa hatua naye, mkia kwa mkia. Pia waya wa stima wa juu umejitokeza mara ya pili.

MzeeWaVHS
😂😂 Mwachie mzee wa madrasa mijusi wake. Hawachezi kamari.

MaalimNodi
Hiyo ndiyo bei ya kiraka hai, kinanakili kila kilichopo. Waya ni rahisi. Haujongei ukutani, kwa hiyo weka Paint baada ya Transform, ukiwa bado kwenye picha iliyotulia, uufute mara moja kwa kloni, na mpako udumu klipu nzima. Mjusi anatembea. Kuanzia 138 mpaka mwisho tumia kiraka mfu, kwa kuwa wakati huo kanzu imeshatoka na mwanga umetulia. Vipishanishe viwili hivyo kwa fremu 8 au 10, jicho halitaona. Ila hicho mfu hakina chembe, uzitie kwa FilmGrain, kidogo tu. Mtu akisimamisha klipu asione tofauti, na akiicheza pia asione. Ya pili ndiyo ngumu.

Sasa tuje kwa punda. Anakatiza fremu gani?

PichaZaLangoni
88 hadi 136. Ana magunia mawili na mtoto amekaa juu. Nimehesabu fremu 49 za kuchora kwa mkono, nimechoka kabla ya kuanza.

MaalimNodi
Usimchore punda mzima. Kiraka kinakaa urefu gani? Kama nembo iko usawa wa kifua cha mtu kwenda juu, basi miguu na tumbo havigusani na kiraka. Unahitaji kurudisha juu ya kiraka kile tu kinachopita mbele yake: masikio, kichwa, shingo, juu ya gunia na yule mtoto. Kila kimoja kiwe na Polygon yake. Ukivichora kama umbo moja, sikio likitikisika utalazimika kusogeza pointi 40 kwa ajili ya sikio.

Usianze fremu ya kwanza ukaenda moja moja. Tafuta pale mwendo unapogeuka, kichwa kikiwa juu kabisa, kikiwa chini kabisa. Weka ufunguo hapo, kisha nenda katikati yake urekebishe, kisha katikati ya katikati. Punda anatembea kwa mdundo, utashangaa funguo 9 au 10 zikimtosha kichwa.

Na maski hizo hizo ziunganishe kwenye mlango wa Occlusion Mask wa Planar Tracker, halafu fuatilia upya hizo fremu. Traka yako ilivurugika kwa punda kwa sababu gunia lina nyuzi kali na linakwenda upande mmoja kwa utulivu. Ilidhani ndilo ukuta.

KijanaWaStudio
Hapo nakubali. Mimi huwa nasimamisha traka kabla ya kizuizi, naendelea baada yake, katikati naiacha ijijazie.

MaalimNodi
Kama kamera imetulia, sawa. Mtu anatembea kinyumenyume kwenye mawe ya Usita wa Mui, fremu 49 za kubahatisha ni nyingi.

PichaZaLangoni
(siku mbili baadaye)

Nimemaliza punda. Ilinichukua jioni mbili. Kuna vitu viwili.

Kwanza, manyoya ya masikio na shingo yana kijani. Nikiweka maski pale pale ukingoni, nywele zake zinabeba rangi ya nembo iliyokuwa nyuma yao, anakuwa punda wa kijani. Nimeiingiza maski ndani kidogo na kuilainisha, kijani kimepungua lakini masikio yamekonda.

Pili, kivuli. Punda anapopita, ukuta unaingia giza hafifu nyuma yake. Giza hilo linafika ukingoni mwa kiraka na kukatika kama limekatwa kwa mkasi, kwa sababu ukuta wa juu nilikochukua kiraka hauna kivuli.

MaalimNodi
Masikio: irudishe maski ilipokuwa, halafu kwenye ukingo peke yake punguza ukolezi wa kijani. Manyoya ya punda ni kijivu, hayana kijani cha kupoteza. Angalia tu usimguse mtoto kama nguo yake ni ya kijani.

Kivuli: chora umbo laini sana, teremsha mwanga wa kiraka ndani yake, ulisogeze na punda. Funguo 3 au 4 zinatosha.

KijanaWaStudio
Mimi ningegeuza. Kivuli kipo tayari kwenye picha ya asili, juu ya ile rangi ya kijani. Ifanye nembo ionekane kwa mwangaza tu, bila rangi, uitie ukungu, kisha uzidishe juu ya kiraka. Kivuli halisi kitakuja chenyewe.

MaalimNodi
Herufi za nembo ni nyeupe juu ya kijani. Mwangaza wake utakuja na herufi. Utakuwa umeifuta nembo kisha umeirudisha kama mzuka.

KijanaWaStudio
Ukigawanya kwa fremu ya nembo isiyo na kivuli, herufi zinajifuta. Inabaki tofauti ya mwanga tu.

MaalimNodi
Kwa hesabu, ndiyo, kwenye picha iliyotulia. Kwa klipu ya simu iliyobanwa vile, kingo za herufi zitatetemeka. Ila sijaijaribu kwenye klipu hii. Ijaribu utuonyeshe.

PichaZaLangoni
Nimechora kwa mkono kama alivyosema Maalim. Nikisimamisha fremu ya 112 bado naona mstari. Nikicheza siuoni, lakini mimi nimeitazama mara mia mbili, macho yangu hayafai tena. KijanaWaStudio, nakutumia hizo fremu 49 ujaribu njia yako.

Mteja nimempelekea hivyo hivyo. Alichoniuliza ni kwa nini sauti ya vigelegele vya mkewe iko chini.

BiMwanaTanga
Na tanga langu jamani?

MaalimNodi
Sijakusahau. Planar inadhani kitu ni kama ubao, na tanga lenye upepo lina tumbo. Ukiwa na Studio ya kulipia, kuna Surface Tracker tangu toleo la 18, inashika kitambaa kinachojikunja. Kwa ya bure, ligawe tanga vipande vitatu vinavyofuata mishono, kila kimoja na Planar yake na kiraka chake, uvilainishe vinapokutana. Jua linapenya tanga lako au linaligonga kwa mbele?

BiMwanaTanga
Linapenya. Ni asubuhi, mashua iko kati yangu na jua. Nembo inaonekana kama kivuli, na nyuma yake kamba zinapita.

MaalimNodi
Kamba zinaonekana kupitia tanga?

BiMwanaTanga
Ndiyo. Na mtu mmoja anapanda mlingoti.

MaalimNodi
Weka klipu hapa. Ile ya asili, si ya WhatsApp.